Kadi 60 na mtoto anayesema "ta" na "tutu": nianze na maneno gani?

Shikamoo shangazi. Nina mtoto wa kiume wa miezi 20, maneno yake mpaka leo ni manne tu, mama, baba, "ta" akiona taa na "tutu" akiona kuku. Kuelewa anaelewa, ukimwambia alete nepi analeta, na akitaka kitu ananyoosha kidole. Nilinunua boksi la kadi za picha 60 zimepangwa kwa herufi A mpaka Z, humo kuna bata, chui, dirisha, furaha, gurudumu, ndege, nyekundu, sungura, viatu na mengine kibao. Kila jioni namkalisha mapajani namwonyesha zote, namwambia sema, yeye anazitafuna, anazirusha au anateleza anashuka anaenda kuchukua mpira wake. Baba yake anasema nikaze hivohivo, atashika na herufi humohumo. Mi naona napoteza muda. Nianze na maneno gani, mangapi, na hiyo "tutu" nimrekebishe au niiache?
Mama Tutu

Marahaba mwanangu.

Hilo boksi sio baya, ila limetengenezwa kwa ajili ya mtoto mwingine. Kadi za A mpaka Z ni za mtoto wa miaka 4 au 5 ambaye anaongea kama redio na sasa anafundishwa herufi, na aliyezitengeneza alichokuwa anatafuta ni neno la kuanzia na kila herufi, basi, hakuna mahali alijiuliza kama mdomo wa mtoto wa miezi 20 utaliweza hilo neno. Ndo maana kwenye G ukapata gurudumu, neno lina silabi nne na r juu yake. Baba yake mwambie herufi hazikimbii, mtoto akiwa hajasema neno lenyewe hiyo herufi ya kwanza ni mchoro tu kama michoro mingine.

Sasa tuzimwage hizo kadi chini tuanze kuchagua, mi na wewe.

Ondoa kwanza kila kitu ambacho huwezi kukishika ukampa mkononi. Furaha itoke. Utamwonyesha nini, mtu anacheka? Yeye anaona mtu, au anaona meno. Nyekundu nayo itoke, maana lazima iwe imepakwa kwenye kitu fulani, na mtoto mdogo akionyeshwa mpira mwekundu ukamwambia "nyekundu" anachukulia hilo ndo jina la mpira, kesho ukimpa mpira wa bluu mnaanza kushangaana. Rangi na namba zina wakati wake, huko mbele akishakuwa na majina ya vitu vyenyewe. Kwa sasa tunataka kitu kinachogusika, kinachoonekana umbo lake, kinachokaa sehemu ukakiita na yeye akakiangalia wakati uleule unapolitaja jina.

Alafu toa vitu ambavyo hajawahi kukutana navyo. Chui, sungura, kama hajawahi kuona hata mwanasesere wake, kwake hiyo ni karatasi yenye madoa. Kadi sio ya kumtambulisha kitu kipya, kadi inakumbusha kitu anachokijua tayari. Kuna jambo wengi hawalijui hapa, mtoto wa miezi 9 ukimpa picha ya chupa anajaribu kuishika hiyo chupa itoke kwenye karatasi, anaipapasa, anaikwaruza kwa kucha. Ikifika miezi 18 au 19 hivi anakuwa ameacha, sasa anainyooshea kidole, yaani ameanza kuelewa picha inasimama badala ya kitu. Wa kwako ana miezi 20, kwahiyo ndo kwanza ametoka huko, usimrukishe hatua. Na kule kutafuna usikusome kama ukaidi, mtoto wa umri huo akiwa na karatasi ngumu mkononi na hakuna kinachomvutia ataipeleka mdomoni tu.

Nyingine za kutoa ni zile zenye jina moja vitu viwili. Ndege ndo mfano wangu ninaoupenda, kadi ina picha ya ndege wa mbawa, mtoto akitoka nje kinapita kitu angani kinanguruma nacho mnakiita ndege. Mtu mzima hata hashtuki, mtoto anayeanza anabaki anatafuta hivyo viwili vinafanana wapi. Mto nao hivohivo, wa kulalia na wa maji. Sio marufuku, ila sio vya kuanzia. Na humo ndani ya nyumba mkubaliane jina moja kwa kila kitu, kama wewe unasema mdoli na baba anasema mwanasesere, mtoto anasikia kila jina nusu ya mara ambazo angelisikia.

Haya, hapo zimebaki kama kadi 20 hivi na ndo tunafika kwenye mdomo, hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo watu wengi wanakosea.

Sauti ambazo watoto wengi wanaziweza mapema ni zile za midomo miwili kugusana, m, b, p, kwa sababu anakuona unavyofanya na yeye mwenyewe midomo anayo anaichezea siku nzima. Karibu na hizo kuna zile za ncha ya ulimi kugusa nyuma ya meno ya juu, t, d, n, alafu w na y ambazo hazina kazi kubwa. Angalia maneno yako mwenyewe, mama, baba, ta. Zinazofuata ni k na g, hizi zinatengenezwa nyuma huko kooni ambako mtoto haoni kitu, kwahiyo anazileta mbele zinakuwa t na d. Hiyo ndo historia nzima ya kuku kuwa tutu, hajakosea ovyo, ameweka sauti ya ncha ya ulimi mahali pa sauti ya nyuma ya ulimi na kila kingine amekiacha sawasawa, silabi mbili, u na u. Zinazohitaji upepo upite kwenye tundu jembamba, s, z, f, v, sh, pamoja na ch na j, zinachukua muda zaidi, wengi wanazipiga breki zinakuwa t au d, meza inakuwa "meda". Na r ndo bibi harusi, inakuja mwisho kabisa, mpaka huko miaka 4 au 5 bado utasikia "gali" na wala sio ugonjwa.

Sasa mtu akishasikia hivyo anachukua orodha ya maneno anaangalia herufi ya kwanza. M, sawa, b, sawa, d, dirisha linaanza na d, linapita. Hapana mwanangu! Kwenye Kiswahili usiangalie kichwa cha neno, angalia mkia. Sisi neno letu tunalikazia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sema mwenyewe kwa sauti, ki-TA-bu, sa-BU-ni, di-RI-sha. Masikio ya mtoto yanashika pale palipokaziwa pamoja na silabi inayofuata, vilivyotangulia mara nyingi anavidondosha. Kwahiyo likate neno, bakiza silabi mbili za mwisho, hizo ndo kwa kiasi kikubwa utakazosikia kwake.

Jaribu na hizo zako. Dirisha linabaki "risha", r na sh kwa pamoja, balaa tupu, na mwanzo ulikuwa unaonekana mwepesi. Sungura inabaki "gura". Gurudumu, cha ajabu, inabaki "dumu" ambayo ni rahisi sana, shida yake ni kwamba mtoto hana habari na gurudumu, yeye anajua gari. Kitabu ambacho ungekiruka kwa sababu kina silabi tatu kinabaki "tabu", t na b, safi kabisa. Sabuni inabaki "buni". Viatu vinabaki "atu", na hata ukimwonyesha kimoja ukasema kiatu mkia ni uleule, ila we chagua neno ambalo hapo nyumbani mnalitumia kila siku, kama asubuhi mnasema "vaa viatu" basi kadi iwe na viatu viwili na jina liwe viatu. Mpira unabaki "pira", r yake ataimeza au ataifanya l au y, utasikia "pia", "pila". Na maneno yanayoanza na m iliyosimama peke yake au na mb, nd, usiyaogope, m itadondoka na ndege itakuwa "dede", mkia ndo unaoamua.

Kuna mtego mmoja na kwa mtoto wako unaonekana waziwazi. Bata. Kila mtu atakwambia anza na bata, neno fupi, sauti nyepesi, mnyama anapendwa, na kwa mtoto mwingine hata mi ningesema hivyo. Lakini wako ana "ta" tayari na maana yake ni taa. Bata akimkata vibaya atabaki na "ta" au "tata", na wewe utakuwa umekaa pale hujui anasema taa au bata, utamjibu taa wakati anasema bata, na mtoto akijibiwa siyo mara mbili tatu ananyamaza. Viatu navyo vina "atu", vinakaribia "tutu" yake ya kuku, viweke pembeni kwanza. Kundi la mwanzo linatakiwa maneno yake yakishakatwa na mdomo wa mtoto bado yasifanane, na ndo kosa la wale wanaochagua b tupu, bata, baba, basi, mtoto anasema "ba" kwa vyote vitatu, mama anashangilia kumbe hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Kabla hujamaliza kuchagua inabidi ujue anaelewa nini, sio unachodhani anaelewa. Mtoto kuleta nepi sio ushahidi kamili, pengine ameona umeshika mafuta na kitambaa akajua kinachofuata. Fanya hivi, chukua vitu viwili vyenyewe, sio picha, mfano sabuni na kitabu, viweke chini kimoja kushoto kingine kulia, mwangalie yeye usoni (macho yako yasiende kwenye kitu, watoto wanafuata macho vibaya sana) alafu uliza "sabuni iko wapi?". Akikamata, akinyoosha kidole, au hata akiitazama tu, hesabu. Baadaye badilisha upande, uliza tena, siku nyingine tena. Kwa vitu viwili kubahatisha kunampa nusu, kwahiyo mara moja haitoshi, akipatia mara nne kwa nne kwenye nyakati tofauti hapo amini.

Kwa hayo uliyoniambia, mi ningeanza na sita tu. Taa na kuku, kwa sababu anazisema tayari na mtoto anatakiwa aone kwenye huu mchezo kuna mahali anashinda. Kitabu, sabuni na nepi, vitu anavyoshika kila siku, na mikia yake ni "tabu", "buni", "nepi", hakuna sauti hata moja ya kumsumbua (kama kile kipimo cha kushoto na kulia kikikwambia kimoja hakielewi, kibadilishe). Na mpira. Mpira una r, najua, kwa sheria zangu mwenyewe ungetoka, lakini mtoto anashuka mapajani anauacha uso wa mama yake anaufuata, kitu anachokipenda hivyo atakitafutia sauti yoyote ile. Kati ya sauti rahisi na kitu anachokitaka, mi kila siku nachukua kitu anachokitaka, alafu sauti itakuwa itakavyokuwa. Sasa sikiliza kinywani kwake hivyo sita, "ta", "tutu", "tabu", "buni", "nepi", "pia". Hakuna vinavyogongana.

Picha za boksi sizitaki kwa kuanzia, katuni nyingi kuku ana kofia na macho makubwa, mtoto amjulie wapi? Chukua simu upige picha sabuni yenu yenyewe, mpira wake wenyewe, kitu kimoja kwenye picha moja, nyuma yake kitambaa cheupe, hakuna mkono wa mtu hakuna meza ya maua. Kuku mpige mzima, sio kichwa peke yake. Printi kwa ukubwa wa kiganja chako, gandisha kwenye karatasi ngumu, pembe zikate ziwe duara maana zitaenda mdomoni hata tufanyeje, na usibandike vishanga wala vifungo, vikibanduka vinakaba. Neno chini ukitaka kuliandika liandike, halimsaidii wala halimdhuru. Viungo vya mwili usivifanyie kadi, pua iliyokatwa peke yake kwenye karatasi hata mimi sitaitambua, pua si anayo, mguse.

Baada ya wiki kadhaa akishaizoea picha ya mpira wake, ongeza picha ya mpira mwingine kabisa, rangi nyingine, ukubwa mwingine, jina lilelile. Hapo ndo anajua mpira ni jina la vyote vya aina hiyo na sio jina la ule wa kwake.

Kucheza kwenyewe ni dakika 3 au 4, na akigeuza kichwa mmemaliza, hata kama ilikuwa dakika moja. Usimkalishe mapajani, kaeni chini mkitazamana ili auone mdomo wako. Kitu chenyewe kiwepo karibu. Toa kadi moja, "Sabuni." Nyamaza kidogo. "Ona, sabuni." Mpe kile chenyewe anuse. Unaona nimeliweka neno mwishoni, ukisema "sabuni hii mama anaogea nayo kila siku asubuhi" neno limefunikwa na mengine yote, mwishoni linabaki linalia masikioni. Alafu subiri. Hapa ndo akina mama wote wananishinda, hawawezi kusubiri. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5, hata 10, ukimwangalia kwa uso wa kutegemea kitu, bila kusema chochote. Mtoto anahitaji huo muda, anatafuta midomo yake iko wapi. Nimeona mtoto amekaa kimya mpaka mama yake anataka kuichukua kadi, na ile mama ananyoosha mkono ndo anatoa "bu". Angechukua nukta moja mapema asingelisikia.

"Bu" kwa sabuni ni neno. Ipokee. Kama kila akiiona sabuni anasema "bu" na hasemi "bu" kwa kitu kingine, hilo ni neno lake liandike kwenye daftari, halihitaji kufanana na letu. Unamjibu "Ee, sabuni", kwa umbo lake kamili, mara moja, kwa furaha ya kawaida, mnaendelea. Na hiyo amri ya "sema" naomba uifute kabisa, mtoto akiambiwa sema anaona mtihani, na akishaona mtihani anatafuta mpira. Usimuulize tena na tena "hii nini, hii nini", kwa dakika hizo tatu wewe ndo unaongea zaidi, yeye anajitolea akitaka.

Kwahiyo na tutu jibu lako ndo hilohilo. Usimrekebishe, wala usimuige. Ukianza na wewe kusema tutu kwa sababu inachekesha (inachekesha kweli, nakubali) unamnyima mahali pa kusikia k. Yeye aseme tutu wewe useme "ee, kuku, kuku amekimbia". K na g kugeuzwa t na d ni kawaida mpaka kama miaka 3 na kidogo, wengi wanaacha wenyewe siku moja bila hata kufundishwa. Akikaribia miaka 4 na bado kila k ni t, hapo kuna sababu ya kumwona mtaalamu wa matamshi.

Kadi mpya inaingia lini? Mtoto akilisema neno mwenyewe, bila wewe kulitanguliza, siku tatu tofauti, na mara angalau moja liwe nje ya mchezo wa kadi. Hiyo ya mwisho ndo ngumu. Wapo watoto wanaosema "buni" kwa kadi na bafuni sabuni ikiwa mbele yao hawana habari, hao wamejua kadi, hawajajua neno, basi irudishe kadi bafuni mkaicheze hukohuko. Likitimia toa kadi hiyo, ingiza nyingine moja, sita zibaki sita. Taa ikishatulia na akawa anaisema vizuri, bata anaweza kurudi. Viatu hivohivo. Sio lazima zifuatane nilivyosema mimi, ukishajua kukata mkia na kusikiliza kama zinagongana utachagua mwenyewe, na ya wiki hii akiikataa siku nne tano mfululizo itoe tu, usibishane naye.

Na tusije tukamjaza majina ya vitu tukaona kazi imeisha. Maneno kama tena, nipe, imeisha, hapana, juu, hayana picha lakini ndo yatakayomwezesha kuunganisha mawili, "nipe pia", "buni imeisha". Hayo unayafundisha kwa mwili. Rusha mpira, "tena!", subiri, rusha. Maji yakiisha kwenye beseni mgeuzie alione tupu, "yameisha". Kadi hazina msaada hapo.

Sasa kuna kitu nimekiacha makusudi mpaka huku kwa sababu nilijua ningekianza juu usingesoma mengine. Maneno manne kwa miezi 20 ni machache. Watoto wanatofautiana sana, na kwamba anaelewa na ananyoosha kidole ni dalili nzuri kweli, lakini kipimo kinachotumika sana ni kwamba akifika miaka 2 awe na maneno kama 50 na ameanza kuunganisha mawili mawili, na wewe umebakiza miezi 4. Kwahiyo usisubiri kadi zifanye kazi ndo uende hospitali, nenda sasa hivi na kadi ziendelee huku nyumbani. Cha kwanza waombe wampime masikio. Najua utaniambia anasikia, ukipiga makofi anageuka. Makofi ni sauti kubwa, mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua anaweza kugeukia makofi na asisikie s na f vizuri, na hayo majimaji mara nyingi wala hayaumi, hatalia usiku ukajua. Wakishampima sikio ndo mwone mtaalamu wa matamshi na lugha, mpelekee lile daftari lenye "ta", "tutu" na "bu", uandike na tarehe, litamsaidia kuliko wewe kusema "anaongeaongea kidogo".

Ila kama ikitokea ameacha neno alilokuwa analisema, au akiitwa jina kwa nyuma hageuki, au ameacha kunyoosha kidole, hapo usihesabu hata wiki.

Kadi zote 60 za boksi zipandishe juu ya kabati. Ile ya furaha mpe baba yake amtunzie mpaka afike miaka 4, wakafundishane hiyo F.